Kuhara damu: shigela, kampailobakta, dawa gani inasaidia, na miguu kuishiwa nguvu wiki mbili baadaye

Huku kwetu mtu akiona damu kwenye choo cha mtoto kitu cha kwanza kinachotajwa ni amiba, na dawa ya kwanza inayonunuliwa ni flajili. Muuza duka la dawa anajua hivyo, bibi anajua hivyo, na hata baadhi yetu tunaofanya kazi vituo vya afya tumezoea hivyo. Nataka nieleze taratibu kwanini mara nyingi hiyo si sahihi, hasa kwa watoto, alafu nieleze kitu ambacho watu wengi hawaambiwi kabisa, kwamba kuna ugonjwa wa kuhara ukishapona tumbo, wiki mbili mbele unaweza kuja kukushika miguuni.

Tuanze na damu inatoka wapi. Kuhara kwa kawaida, kule kwa maji maji kama kipindupindu au rotavairasi, tatizo liko kwenye utumbo mdogo, utumbo unamwaga maji na chumvi lakini ngozi yake ya ndani haichaniki sana. Kuhara damu ni kitu kingine. Hapa bakteria ameingia ndani kabisa ya ukuta wa utumbo mpana, anaua seli, pale palipokufa panakuwa vidonda na vidonda vinatoa damu, ute na usaha. Ndo maana mgonjwa wa hivi hatoi choo kingi, anaenda chooni mara 15 au 20 kwa siku lakini kila akienda kinatoka kijiko tu cha ute mwekundu, tumbo la chini linasokota, anakamua na haishi hamu ya kukamua hata kama hakuna kitu. Mama akikwambia "anakaa tu kwenye poti analia hakuna kinachotoka ila makamasi ya damu" hapo tayari umepata habari kubwa kuliko vipimo vingi.

Bakteria anayefanya hivi zaidi kwa watoto wa nchi zetu anaitwa shigela. Jina limetokana na Kiyoshi Shiga, daktari wa Japani aliyemgundua wakati wa mlipuko mkubwa mwaka 1897. Wako wa aina nne, na ile aliyoigundua Shiga mwenyewe ndiyo kali kuliko zote maana inatengeneza sumu inayoharibu mishipa midogo ya damu. Hiyo aina ndiyo iliyotembea huku kwetu kuanzia mwaka 1979, ikaanzia mashariki mwa Zaire ya wakati ule ikaingia Rwanda, Burundi na magharibi mwa Tanzania, na mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walipofurika Goma walipigwa kwanza na kipindupindu alafu kuhara damu kukafuata nyuma yake, na bakteria wale walikuwa hawasikii dawa nyingi za kawaida za wakati huo. Siku hizi aina hiyo imepungua sana, tunaowaona zaidi ni ndugu zake wengine ambao wana nafuu kidogo, ila bado wanaua watoto, hasa wenye utapiamlo.

Kitu kinachofanya shigela asambae hivi ni kwamba anahitaji kuingia mdomoni kwa idadi ndogo mno. Kipindupindu kinahitaji mamilioni ya vimelea ili mtu mzima augue, shigela inatosha bakteria 10 mpaka 100. Kwa hiyo si lazima maji yawe machafu, mkono tu wa mtu aliyemwosha mtoto aliyejisaidia akaenda kukatia mtoto mwingine mkate umetosha. Ndo sababu utakuta nyumba moja mtoto kaanza Jumatatu, Jumatano mdogo wake, Alhamisi dada anayewalea. Sabuni na maji yanayotiririka yanafanya kazi hapa kweli kweli, na mtu anayehara damu asipike chakula cha wengine mpaka apone.

Sasa kampailobakta. Huyu jina lake halijulikani sana mtaani lakini duniani ni mmoja wa bakteria wanaoongoza kwa kuleta ugonjwa wa kuhara. Makazi yake ni matumbo ya ndege, hasa kuku, na kuku mwenyewe wala haumwi. Kuku akichinjwa na kutolewa utumbo, bakteria wanabaki kwenye ngozi na nyama. Ukimpika vizuri mpaka ndani wanakufa wote, shida inakuja kwa yule aliyechomwa nje akawa mweusi huku karibu na mfupa bado kuna wekundu, au ubao uliokatia kuku mbichi ukakatia kachumbari bila kuuosha. Maziwa mabichi yasiyochemshwa nayo ni njia, na maji. Yeye anachukua siku 2 mpaka 5 kabla ya kuanza kuumiza, wakati shigela anachukua siku 1 mpaka 3. Mara nyingi anaanza na homa, mwili kuuma na kichwa kama malaria, kabla tumbo halijaanza, alafu maumivu ya tumbo yanakuwa makali kiasi kwamba wapo waliopasuliwa kwa kudhaniwa ni kidole tumbo. Damu inaweza kuja siku ya pili au ya tatu, na inaweza isije kabisa.

Je unaweza kuwatofautisha kwa macho? Hapana, si kwa uhakika. Kuotesha choo maabara ndo kunatoa jibu na maabara nyingi za wilaya hazifanyi, na hata zinazofanya zinakutana na ugumu. Shigela hufa upesi choo kikikaa mezani. Kampailobakta naye anataka hewa yenye oksijeni kidogo na anaota vizuri zaidi kwenye joto la nyuzi 42, akikosa hewa hiyo haoti na majibu yanarudi kwamba hakuna kitu. Kwa hiyo ukiambiwa choo kiko safi wakati mtoto anatoa damu, jua kilichoangaliwa ni kidogo kuliko unavyofikiria.

Na hapa ndo amiba anapoingia kimakosa. Fundi maabara anaweka choo kwenye hadubini, anaona vifuko vya amiba, anaandika, daktari anaandika flajili, kila mtu anaridhika. Lakini vifuko vile vinaweza kuwa vya amiba mwingine asiye na madhara yoyote ambaye kwa hadubini anafanana kabisa na yule mbaya, na watu wengi wanaishi naye bila kuumwa. Ili useme kuhara damu huku ni kwa amiba inabidi umwone amiba hai anayetembea akiwa amemeza chembe nyekundu za damu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa miaka mingi umekuwa hivyo hivyo: mtoto mwenye kuhara damu mtibu kama shigela kwanza, amiba mfikirie akionekana kwa namna hiyo, au kama antibayotiki mbili tofauti zinazofaa kwa shigela zimeshindwa.

Flajili haimuui shigela. Haimuui kampailobakta kwa namna ya kutegemea pia. Lakini kwanini watu wanaapa kwamba imewaponya? Kwa sababu wengi wenye mwili imara kuhara damu kunakwisha kwenyewe ndani ya wiki moja hivi, sasa umevumilia siku tatu, siku ya nne umenunua flajili, siku ya sita umepona, sifa zote zimeenda kwa flajili. Kwa mtu mzima mwenye afya hasara yake si kubwa sana. Kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu mwenye uzito mdogo zile siku tano za kupewa dawa isiyohusika ndizo anapoishiwa sukari, anapata degedege, au anafika hospitali kachoka hawezi hata kunyonya.

Basi antibayotiki inasaidia lini? Nianze na shigela kwa mfano wa mtoto, nitoe na hesabu maana hesabu ndo inakosewa.

Tuchukulie mtoto wa miaka 3, kilo 12, jana usiku kaanza homa, asubuhi anahara, mchana choo kina damu na ute, anaenda kila nusu saa. Anakunywa, hajalegea, macho hayajazama. Huyu haihitaji kusubiri majibu ya maabara, anaanzishiwa siprofloksasini, ile tunayoiita sipro. Kipimo ni miligramu 15 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku, kwa siku 3. Kilo 12 mara 15 ni miligramu 180 kila anapokunywa, na kwa kidonge cha 250 ni kama robo tatu ya kidonge, asubuhi na jioni. Mtu mzima ni 500 asubuhi na jioni siku 3 hizo hizo. Kuna wazazi wanaogopa wakisoma kwenye karatasi ya dawa kwamba sipro si ya watoto, hofu hiyo inatokana na majaribio ya wanyama ambao maungio yao yaliharibika, lakini kwa kozi fupi ya siku 3 kwa ugonjwa unaoweza kuua, faida imeonekana kuzidi na ndo maana imewekwa kwenye miongozo ya watoto.

Pamoja na dawa anapewa ORS, na kwa umri wake ni kama mililita 100 mpaka 200 kila baada ya kuhara, kidogo kidogo, akitapika unasubiri dakika 10 unaendelea polepole zaidi. Anapewa na zinki miligramu 20 kila siku kwa siku 10 mpaka 14. Hapa kuna kitu kidogo kinasahaulika sana, zinki na maziwa vinaishika sipro tumboni ikashindwa kuingia vizuri kwenye damu, kwa hiyo usivichanganye kwenye kijiko kimoja. Mpe sipro asubuhi na jioni, zinki weka mchana katikati, na chakula aendelee kula kama kawaida. Mtoto mwenye kuhara damu anapoteza protini nyingi kupitia vile vidonda, ile tabia ya kumpumzisha tumbo kwa uji mwepesi tu siku nne inamuumiza.

Alafu siku ya pili ndo ya muhimu, yaani baada ya saa 48. Mtoto anatakiwa aangaliwe tena, na vitu vya kuangalia ni vinne tu: homa imeshuka, damu imepungua, idadi ya kwenda chooni imepungua, na anaanza kula. Si lazima awe amepona, ila mwelekeo uonekane. Kama hakuna hata kimoja kilichobadilika basi uwezekano mkubwa shigela huyo haisikii sipro, na siku hizi wapo wengi wasioisikia maana dawa hii imetumika kila mahali kwa kila kitu. Hapo anabadilishiwa, anapewa azitromaisini, au akiwa mgonjwa sana sindano ya seftriaksoni hospitalini. Wengi wanarudia sipro hiyo hiyo kwa siku tano zaidi, haifai, dawa iliyoshindwa siku mbili haiwezi kushinda wiki. Na amoksilini na septrini kwa shigela tuziache, zilishapoteza nguvu zamani.

Kuna watoto ambao hata siku mbili hazisubiriwi nyumbani, wa chini ya miezi miwili, mwenye utapiamlo mkali, aliyepata degedege, aliyelegea, tumbo lililovimba na kuwa gumu, au anayetapika kila kitu. Hao ni kulazwa moja kwa moja.

Kitu kingine ni zile dawa za kufunga tumbo, imodiamu na wenzake. Kwa kuhara damu usimpe mtoto kabisa, na mtu mzima mwenye damu na homa asijipe. Utumbo ukisimamishwa bakteria na sumu vinabaki ndani muda mrefu zaidi, na utumbo mpana unaweza kupanuka hadi kufikia hatari ya kupasuka.

Sasa kwa kampailobakta hesabu ni tofauti. Huyu mara nyingi anaisha mwenyewe ndani ya wiki, na tafiti zilizolinganisha waliopewa antibayotiki na wasiopewa zimeonyesha kwamba dawa inapunguza ugonjwa kwa siku moja na kidogo tu, na faida hiyo inaonekana zaidi ukianza ndani ya siku tatu za mwanzo. Kwa hiyo kijana mwenye afya aliyekula kuku wa kuchoma, anaharisha, ana homa kidogo, hana damu, anakunywa maji, huyo ORS na muda vinamtosha. Anayestahili dawa ni yule mwenye damu na homa kali, mwenye hali inayozidi kuwa mbaya, aliyefika wiki haachi, mjamzito, mzee, au mwenye kinga iliyoshuka kama anayeishi na virusi vya ukimwi ambaye seli zake za kinga ziko chini. Na dawa yake ni azitromaisini, mtu mzima 500 mara moja kwa siku, siku 3. Sipro kwa kampailobakta imekuwa kamari sehemu nyingi za dunia, usugu ni mkubwa, na matumizi ya dawa za jamii hiyo kwenye ufugaji wa kuku yamechangia sana.

Mtu mzima mwenye damu na homa ambaye hujui ni yupi kati ya hao wawili, azitromaisini inawagusa wote ndo maana wengi tunaipendelea kwake. Lakini nisisitize, kuhara maji bila damu hakuhitaji antibayotiki, na kuna aina ya bakteria wa ikolai wenye sumu kama ile ya Shiga ambao ukiwapiga baadhi ya antibayotiki wanaweza kumwaga sumu zaidi. Hao dalili yao ni damu nyingi bila homa ya maana, na mgonjwa wa hivyo inabidi daktari afikiri kwanza kabla ya kuandika.

Sumu hiyo, iwe ya ikolai au ya yule shigela wa aina ya kwanza, ina tabia ya kushambulia figo. Inakuja wakati kuhara kunaanza kupungua, kama wiki moja tangu kuanza, mzazi anadhani mtoto anapona kumbe mtoto anapauka, uso unavimba, mkojo unakuwa kidogo au haupo. Kwa hiyo hata damu ikiisha, mkojo uendelee kuangaliwa siku kadhaa. Mtoto aliyekaa saa 12 bila kukojoa wakati anakunywa vizuri apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Wengine wiki chache baadaye wanavimba goti au kifundo cha mguu, macho yanakuwa mekundu, mkojo unaunguza, wanatibiwa kaswende au kisonono bure. Ni mwili unavyojibu baada ya maambukizi ya tumbo, unaitwa ugonjwa wa maungio wa kuitikia, shigela na kampailobakta wote wanauleta, na kwa wengi unaisha ndani ya miezi kadhaa kwa dawa za maumivu.

Ila lililo zito zaidi ni la mishipa ya fahamu. Linaitwa ugonjwa wa Guillain na Barré, kwa majina ya madaktari wa Ufaransa waliouandika mwaka 1916 pamoja na mwenzao Strohl, na hospitalini utasikia tu GBS. Kampailobakta ndo maambukizi yanayohusishwa nao zaidi, kwenye tafiti nyingi kama wagonjwa 3 katika 10 wa GBS walitanguliwa na yeye. Kwa upande mwingine ukihesabu kutoka kwa waliougua kampailobakta, ni kama mmoja kati ya 1,000 anayepata GBS. Kwa hiyo aliyehara asiogope kupita kiasi, lakini ajue dalili.

Inatokeaje? Kampailobakta ana ngozi ya nje iliyojengwa kwa mafuta na sukari, na baadhi yao sukari hizo zimepangwa sawa kabisa na sukari zilizoko kwenye mishipa yetu ya fahamu, hasa ile inayoendesha misuli. Mwili unatengeneza askari wa kumsaka bakteria kwa alama hiyo, ni kama polisi walioambiwa mwizi kavaa shati la bluu, mwizi akishakimbia wanaanza kukamata kila mwenye shati la bluu. Bakteria ameshaondoka tumboni wiki iliyopita, lakini askari wanaendelea kupiga mishipa ya fahamu. Kwa sababu kutengeneza askari hao kunachukua muda, ndo maana kupooza kunakuja wiki 1 mpaka 3 baada ya kuhara, wakati mtu ameshasahau kabisa kuhusu tumbo.

Hii si nadharia ya vitabuni. Kaskazini mwa China watoto wa vijijini walikuwa wanapooza kila majira ya joto, wakidhaniwa ni polio au kitu kama polio, mpaka miaka ya mwanzo ya 1990 watafiti walipochunguza mishipa yao na damu zao wakakuta alama za kampailobakta. Januari 2025 mji wa Pune huko India wagonjwa wa GBS waliongezeka ghafla upande mmoja wa mji, na uchunguzi ukaelekea kwenye maji na kampailobakta akapatikana kwenye vyoo vya baadhi yao.

Tuchukulie mtu mzima wa miaka 34, kilo 60, fundi wa rangi. Kahara siku nne, akapona, kazi ikaendelea. Siku ya 11 tangu tumbo lianze anaamka vidole vya miguu vinachoma choma, mgongo unauma, anadhani ni ngazi za kazini. Kesho yake anapanda ngazi magoti yanakatika. Siku ya tatu hawezi kuinuka kwenye kochi bila kushika kitu, na mikono inaanza kushindwa kufungua kifuniko cha ndoo ya rangi. Akili timamu, hana homa, pande zote mbili sawa, na daktari akigonga magoti kwa kinyundo mguu hauruki. Hiyo picha, udhaifu unaopanda kutoka chini kwenda juu pande zote mbili, magoti kutoruka, na historia ya kuhara, inatosha kumpeleka hospitali kubwa leo hii, sio kesho.

Kuna kitu kinafanana nayo ambacho kinatakiwa kitolewe kwanza, nacho ni potasiamu kushuka. Kuhara sana kunaondoa potasiamu na misuli inalegea mpaka mtu hawezi kusimama. Tofauti ni muda, potasiamu inashuka wakati wa kuhara au mara baada tu, haisubiri siku 11, na kipimo cha damu kinaonyesha, na ikirudishwa mtu anapata nguvu ndani ya saa au siku chache. Kipimo cha maji ya uti wa mgongo kinasaidia kwa GBS, protini inakuwa juu wakati seli ziko kawaida, lakini wiki ya kwanza kinaweza kuwa safi kabisa na hilo lisimdanganye mtu kwamba hana.

Hatari yenyewe ya kuua si miguu, ni kifua. Wagonjwa kati ya 20 na 30 katika 100 misuli ya kupumua inashindwa wanahitaji mashine, na udhaifu unaweza kuendelea kuongezeka mpaka wiki ya pili hata ya nne. Kuna kipimo rahisi kisichohitaji kifaa, mwambie avute pumzi yote alafu ahesabu kwa sauti moja, mbili, tatu bila kuvuta tena. Mtu mzima mwenye nguvu anafika 40 au 50. Asiyefika 20 hali yake ni mbaya, awe sehemu yenye mashine ya kupumulia. Rudia kila baada ya saa chache uandike, jana 35, asubuhi 27, mchana 21, hapo huhitaji kusubiri aanze kuhema. Dalili nyingine ni kushindwa kuinua kichwa kutoka kwenye mto, na chakula kumpalia. Oksijeni ya kwenye kidole inaweza kusoma vizuri mpaka dakika za mwisho, usiitegemee peke yake.

Matibabu yanayojulikana kufanya kazi ni mawili. La kwanza ni imunoglobulini ya mshipani, gramu 0.4 kwa kilo kila siku kwa siku 5. Kwa fundi wetu wa kilo 60 ni gramu 24 kwa siku, jumla gramu 120, na kama chupa ni za gramu 5 hizo ni chupa 24, na kila chupa ni bei ya kutisha. La pili ni kubadilisha maji ya damu kwa mashine, linafanya kazi sawa sawa ila mashine ziko hospitali chache. Yote mawili yanafaa zaidi yakianza mapema, ndani ya wiki mbili za udhaifu. Vidonge vya prednisoloni, ambavyo watu wanapewa sana kwa sababu ni rahisi, vimepimwa na havisaidii GBS.

Familia ikishindwa bei wengi wanadhani basi mgonjwa ameachwa afe. Si kweli na hili naliandika kwa moyo wote. Sehemu kubwa ya kuokoka kwa GBS ni uangalizi: kugeuzwa kila saa mbili asipate vidonda vya mgongo, kulishwa kwa mpira kama anapaliwa, sindano za kuzuia damu kuganda miguuni, kuangaliwa mapigo na presha maana vinapanda na kushuka ghafla, kunyooshwa viungo kila siku, na mashine ya kupumua ikihitajika. Mtu huyu anasikia kila kitu na anaelewa kila kitu hata kama hawezi kusogeza kope, aongeleshwe. Dawa inaharakisha kupona, lakini mwili wenyewe unaacha kushambulia baada ya wiki chache.

Kinachochelewesha watu mikoani mara nyingi ni imani. Mtu mzima alikuwa anatembea juzi, leo hawezi, wanasema amekanyaga, amerogwa, anazungushwa kwa waganga siku tano, na hizo siku tano ndo kifua kilikuwa kinashuka. Sina ugomvi na anayetaka kuombewa, ombeni mkiwa wodini.

Kupona kunachukua muda ambao familia iandaliwe nao. Wengine aina yao ya shambulio ni la juu juu wanasimama ndani ya wiki. Wengine uzi wa ndani wa mshipa umekatika, na uzi huo unaota upya kwa kasi ya kama milimita moja kwa siku, sasa kutoka kiunoni mpaka unyayoni ni safari ndefu, mtu anaweza kuinua paja mwezi wa tatu na kifundo cha mguu kikawa bado kinaning'inia mwaka mzima. Baada ya miezi sita kama mmoja kati ya watano anakuwa bado hawezi kutembea bila msaada. Uchovu unabaki kwa muda mrefu hata kwa waliopona kwa macho.

Watu huuliza, je kama ningekunywa antibayotiki wakati nahara ningezuia kupooza? Hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba inazuia. Mwili unakuwa umeshaona alama ya bakteria kabla hujafika duka la dawa. Kwa hiyo usimpe kila anayehara azitromaisini kwa kuogopa GBS, utazalisha usugu tu.

Na kwa mtoto wa chini ya miaka 15 aliyelegea mguu au mkono ghafla, kuna utaratibu wa polio ambao wazazi wengi hawauelewi. Kituo kinatakiwa kutoa taarifa na kuchukua choo mara mbili, zikipishana saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu mguu ulegee. Choo hicho kinatafutwa polio peke yake. Majibu yakirudi kwamba hakuna polio ni habari njema, lakini hayajajibu kwanini mtoto amelegea, na GBS ndo sababu mojawapo kubwa ya watoto wa namna hiyo. Mzazi amwambie daktari kwamba wiki mbili kabla mtoto alihara, hata kama hakuulizwa, na aulize kifua cha mtoto kinapimwa kila baada ya muda gani.